Pembe au Bibi

Shangazi yangu anayeishi Ng'ambo, hapa Tabora, alinikabidhi daftari la babu yake likiwa limefungwa kwenye khanga ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa na kurasa thelathini na moja. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zimebaki nusu. Ukoo ulikuwa umepanga kukutana mwezi wa kumi na mbili, na Shangazi alitaka kila nyumba iondoke na kijitabu chenye maneno ya mzee wetu kwa herufi tunazozisoma leo.

"Wewe ulisoma madrasa ukasoma na chuo," aliniambia. "Ligeuze tu, mwanangu. Ni Kiswahili hicho hicho."

Kweli kilikuwa Kiswahili. Babu wa babu zetu aliishi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa. Watu wa njia ile waliandikiana kwa Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu. Madeni, salamu, habari za vifo na bei za mizigo vyote vilipita kwa herufi hizo kabla Wajerumani hawajazoesha ofisi zao herufi za Kilatini. Mzee wetu aliishi muda wa kutosha kuziona zote mbili. Kurasa zake za mwanzo ni za Kiarabu tupu. Kufikia katikati jina la mji au la mtu linaanza kuchomoza kwa Kilatini ndani ya mstari wa Kiarabu, na kurasa za mwisho zimechanganyika kiasi kwamba jicho linakwenda kulia, linarudi kushoto, kisha linakwenda kulia tena kabla sentensi haijaisha.

Nilidhani kazi ingechukua wiki mbili. Ilichukua miezi mitano, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliimaliza kwenye mstari mmoja.

Ili nieleweke, lazima niseme kwanza namna mwandiko ule unavyofanya kazi. Kiarabu kina alama tatu za irabu: fat-ha kwa a, kasra kwa i, na dhamma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wetu wa zamani hawakuliona hilo kuwa tatizo. Kasra ilibeba i na e, dhamma ikabeba u na o, na msomaji akachagua kwa kuwa alikijua Kiswahili. Kwa mwandiko huo mtu "aliyemuoa" mwanamke na mtu "aliyemuua" wanaandikwa sawasawa. Konsonanti nazo zilikuwa hivyo hivyo. Kiarabu hakina p, kwa hiyo herufi ب ilisimama badala ya b na ya p. Kisha sauti kama mb na nd, zinazoanzia puani, mara nyingi ziliandikwa bila pua yake: mb ikabaki ب tupu, nd ikabaki د tupu. Irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ile tunayoikazia, waliirefusha kwa herufi ya ziada.

Sasa andika neno "bibi" kwa kanuni hizo. Unapata بِيبِ. Kisha andika "pembe". P inakuwa ب, e inakuwa kasra iliyorefushwa, mb inakuwa ب, e ya mwisho inakuwa kasra. Unapata بِيبِ, neno lile lile mpaka nukta ya mwisho.

Mstari wangu ulikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa, katika orodha ya watu waliokuwa wakidaiwa na mzee. Baada ya jina la mdaiwa mmoja yameandikwa maneno matatu: "amenipa", kisha بِيبِ, kisha "moja". Au "mmoja". Baada ya hapo ukurasa umeliwa.

Mtu aliyekuwa akidaiwa alimpa mzee wetu pembe moja ya ndovu. Au alimpa bibi mmoja.

Niliufunga mlango, nikakaa.

Jirani yake Shangazi ni mzee aliyestaafu kazi ya uhandisi wa maji. Alisomea Belgrade, enzi zile Yugoslavia ikiwapokea wanafunzi wa Kiafrika. Jioni hukaa barazani chini ya mwembe na redio yake. Nilimpelekea shida yangu, nikiwa nimeficha lile neno lenyewe. Nilimwambia tu kwamba nahamisha maandishi yaliyochanganya herufi mbili na sauti zinanipotea njiani. Akacheka.

"Hilo, kijana wangu, Waserbia wanaishi nalo kila siku."

Akanieleza kwamba Kiserbia kinaandikwa kwa herufi za Kikirili na za Kilatini, na mtu aliyekwenda shule husoma zote. Unaweza kukuta bango la duka kwa Kilatini na barua ya serikali kwa Kikirili, na rafiki akakuandikia kwa zote mbili. Lakini wao, alisema, walibahatika. Vuk Karadžić alipotoa kamusi yake mwaka 1818 alishika kanuni moja: kila sauti iwe na herufi yake, na kila herufi iwe na sauti yake. Zikatoka herufi 30. Kilatini chao nacho kilikuja kupangwa kuzifuata hizo 30. Kutoka Kikirili kwenda Kilatini unabadilisha herufi moja baada ya nyingine, na hakuna sauti inayoanguka.

"Kwa hiyo hawana shida," nikasema.

"Wanayo wakati wa kurudi."

Akachukua peni. Herufi tatu za Kikirili, alisema, kwa Kilatini zinaandikwa kwa alama mbili mbili. Mojawapo ni њ, yenye sauti kama ny ya nyumba yetu, ambayo kwa Kilatini chao ni nj. Sasa kuna neno lao la sindano ya dawa, injekcija. Humo n iko peke yake na j iko peke yake. Zimekutana tu kwenye mpaka wa silabi. Anayeligeuza neno bila kulijua ataona nj na kuweka њ, na neno litatamkwa vibaya. Lililo sahihi ni инјекција, kwa н na ј zilizoachana. Hakuna kitu katika zile herufi za Kilatini kinachokuambia hivyo. Anayejua ni mtu anayelifahamu neno, na kwa sababu hiyo wanaotengeneza programu za kugeuza hulazimika kuweka orodha ya maneno ya namna hiyo. Nilikumbuka ritifaa yetu katika ng'ombe. Bila alama hiyo ndogo, ng ya ng'ombe na ng ya ngoma zingetushinda vivyo hivyo.

Kisha akanionyesha mtego mwingine. Kuna herufi za Kikirili zinazofanana na za Kilatini kabisa: a, e, o, j. Kwa macho ni kitu kimoja, ila kompyuta inazihesabu kwa namba tofauti. Mtu akichanganya kibodi katikati ya neno, neno linaonekana zima, lakini ukilitafuta halipatikani. Mbaya zaidi ni herufi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa sauti. Inayoonekana kama P kwa Kikirili ni r, na inayoonekana kama C ni s.

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi mpya. Nusu ya daftari nilikuwa nimeichapa kwa kompyuta, na nusu kwa simu, kwa kutumia kibodi ya Kiurdu, kwa kuwa ina پ na چ. Nikatafuta neno langu katika faili. Likaja mara nne. Nikahesabu kwa kidole kwenye karatasi, likawa mara saba. Mara tatu zilikuwa zimejificha kwa sababu kibodi ya Kiurdu huandika ya ya Kiajemi, na ya Kiarabu huandika ya nyingine. Katikati ya neno zina sura moja na nukta mbili zile zile chini yake, ila ndani ya mashine ya kwanza ni U+06CC na ya pili ni U+064A. Nilizifanya zote kuwa moja, nikatafuta upya, nikapata saba. Ndipo kazi yenyewe ikaanza, kwa kuwa sasa nilikuwa na mashahidi sita wa kuwauliza juu ya yule wa saba.

Kiswahili kina msaada ambao herufi haziwezi kuufuta, nao ni upatanisho wa ngeli. Mzee akiandika "pembe mbili", mbili itatokea kama بِيلِ. Akiandika "bibi wawili", wawili itaanza kwa wa, na wa haiwezi kufichwa na kasra. Niliwapitia mashahidi mmoja mmoja. Watano walikuwa pembe bila ubishi: mbili, tatu, tatu, mbili, nne, zote bila wa. Wa sita alikuwa bibi bila ubishi, kwani mzee alikuwa akimtumia salamu mke wa rafiki yake aliyekuwa Ujiji. Kwa hiyo mzee aliyatumia maneno yote mawili, kwa tahajia moja, bila kuona haja ya kuyatofautisha. Kwenye kurasa za mwisho, alipokwisha kujifunza Kilatini, kuna mahali ameandika "pembe" kwa p na m zake zote. Nilipoliona nilishtuka kwa furaha, kisha nikatulia. Lilinithibitishia kwamba alilijua neno. Halikuniambia alimaanisha nini ukurasa wa kumi na tisa.

Upatanisho wa mstari wangu ulikuwa neno moja: moja kwa pembe, mmoja kwa bibi. Tofauti ni mim moja ya ziada mwanzoni. Kwenye karatasi iko mim moja. Je, hiyo haitoshi? Nilitafuta mahali pengine alipoandika "mtu mmoja". Nilipata mahali pawili. Pa kwanza ameweka mim mbili, pa pili mim moja. Kitenzi nacho hakikunisaidia. Katika "amenipa" kiungo cha mtendwa ni mimi, niliyepewa. Kilichotolewa hakina alama yoyote ndani ya kitenzi, kiwe mtu au kitu.

Ikabaki maana. Katika Kiswahili cha wakati ule bibi lilikuwa neno la heshima, la mwanamke mwenye nyumba yake, mwenye watu wa kumtumikia. Mwanamke aliyetolewa kulipa deni kwa kawaida angeitwa mtumwa au mjakazi. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na inaelekea kwenye pembe. Mashahidi watano kwa mmoja nao wanaelekea huko. Mim moja vilevile. Kama ningekuwa naweka dau, ningeweka kwenye pembe.

Lakini sikuwa naweka dau. Nilikuwa naandika kitabu ambacho watoto wa ukoo wangesoma na kusema: mzee alisema hivi.

Nilimpigia binamu yangu wa Mwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Unataka iwe pembe." Nilimweleza habari za ngeli, za mim, za heshima ya neno bibi. Akasema, "Sawa. Lakini kama hoja zingeelekea kwa bibi, ungezitafuta kwa bidii hiyo hiyo?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amegusa jambo ambalo sarufi hailifikii. Mtu anayehamisha maandishi kutoka herufi zenye shaka kwenda herufi zisizo na shaka haongezi wala hapunguzi neno, na bado anafanya kitu ambacho mwandishi hakukifanya. Mzee aliandika umbo moja linaloweza kusomwa kwa njia mbili. Mimi nikiandika "pembe" naifunga njia moja, na atakayekisoma kijitabu hatajua kwamba palikuwa na mlango. Kilatini kinaonekana safi kwa sababu kimelazimisha uamuzi kila mahali, na jina la aliyeamua halionekani popote.

Jambo hili halikuanza na familia yangu. Hamed bin Muhammed, tunayemjua kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, akazihamishia kwenye herufi za Kilatini na kuzitafsiri kwa Kijerumani, zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, mwandishi mwenyewe akiwa bado hai. Tunaponukuu maneno ya Tippu Tip, kila e na kila o tunayosoma imepita kwanza kwenye sikio la Brode. Sisemi alikosea. Nasema kwamba tunalisoma sikio lake na kudhani ni mkono wa mwandishi.

Upotevu huo unakwenda pande zote mbili. Mzee wetu aliandika habari kwa خ, Saidi kwa ع, sabuni kwa ص, kama yanavyoandikwa kwa Kiarabu. Kilatini chetu kimeifanya ya kwanza h tu na ya mwisho s tu, na ile ع hakikuipa herufi yoyote. Hapa Tabora watu wengi husema habari kwa h nyepesi, na huenda naye alisema hivyo. Basi labda hakuna sauti iliyopotea. Lakini kuna kitu kimepotea: alama kwamba mtu huyu alijua neno lilikotoka na alijali kulionyesha. Upande mwingine, majina ya Kinyamwezi yaliumia katika herufi zote mbili. Kinyamwezi kina irabu saba. Kiarabu kiliyapa majina hayo alama tatu, Kilatini chetu kikayapa tano.

Mwishowe nilirudi kwenye kipimo alichonipa yule jirani bila kujua. Ukitaka kujua kama umepoteza kitu, alisema, geuza, kisha rudisha. Ukipata ulichoanza nacho, hukupoteza. Nilijaribu na "pembe moja". Kurudi kwenye Kiarabu ni rahisi, unapata بِيبِ مُوجَ. Ila "bibi mmoja" nayo, kwa mkono wa mzee huyu, inarudi pale pale. Maneno mawili yanarudi mahali pamoja, kwa hiyo kwenda mbele hakukuwa kugeuza. Kulikuwa kuchagua.

Nikatenganisha kazi hizo mbili. Kwa kila mstari niliandika kwanza herufi kwa herufi, bila kuamua lolote. Pale ambapo umbo lina sauti zaidi ya moja niliweka herufi kubwa: B kwa b, p au mb, I kwa i au e, U kwa u au o, na nukta mbili kwa irabu iliyorefushwa. Mstari huo hausomeki kwa raha, lakini unarudi kwenye Kiarabu bila kukosea hata alama moja. Chini yake nikaandika usomaji wangu, ambao ni wangu kweli, na naweza kuulizwa.

```
أَمِنِيبَ بِيبِ مُوجَ
amInI:Ba BI:BI mU:ja
amenipa pembe moja / amenipa bibi mmoja
```

Umbo BI:BI peke yake lina usomaji 36 ukihesabu kila uwezekano. Karibu zote si maneno. Pipi ni neno, lakini mdaiwa hakulipa kwa pipi. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo katika sehemu kubwa ya daftari: mia moja kwa moja hakuna shaka, kwa kuwa lugha yenyewe inafunga milango yote isipokuwa mmoja. Katika kurasa thelathini na moja nilibaki na mistari sita tu yenye milango miwili. Mitano haina uzito. Kama mzee alilipa au aliliba shamba, haikosi usingizi mtu yeyote, na "aliliba" hata si neno.

Nilimpelekea Shangazi rasimu. Nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamsomea ukurasa wa kumi na tisa polepole. Alipoelewa alinyamaza muda mrefu. Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Andika pembe," alisema.

"Hoja nyingi ni za pembe, Shangazi."

"Basi andika pembe. Kwa nini uwape watu jambo la kulia siku ya kukutana?"

Nilimwambia kwamba hata pembe ilibebwa begani na mtu, mwendo wa miezi hadi pwani. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikwenda kwa ujira, lakini si kila bega lilikwenda kwa hiari. Neno pembe halimtoi mzee wetu nje ya njia ile. Na kama ni bibi, basi yule mwanamke ana mahali pamoja tu duniani palipobaki alama yake, na ni herufi tatu katika daftari hili. Huenda hakuwapo kabisa. Lakini nikiandika "pembe" peke yake, naye akawa alikuwapo, mimi ndiye niliyemfuta, kwa peni yangu, mwaka huu.

Shangazi aliivuta karatasi, akaiangalia ile mistari mitatu. Hasomi Kiarabu vizuri, lakini alifuata kwa kidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Huu mkwaju hapa katikati una maana gani?"

"Una maana hatujui, Shangazi."

Akanirudishia karatasi. "Acha ukae," alisema. "Ila pembe itangulie."

Ndivyo kilivyochapwa. Pembe imetangulia. Mara nyingine nikikifungua kijitabu najiuliza kama mpangilio huo nao si uamuzi, kwa kuwa anayesoma haraka hushika neno la kwanza na kwenda zake. Nadhani ni uamuzi. Lakini mkwaju upo, na mstari wa juu yake upo, na mtoto yeyote wa ukoo atakayejifunza herufi za mzee ataweza kurudi mpaka kwenye karatasi na kuniuliza kwa nini.